Barua ya Maombi kwa Ofisi Ndogo ya Mawakili: Sema Ulichofanya, Sema na Ulichokiacha

Safari hii nimeombwa niandike juu ya barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini, kwa ajili ya wenzetu wa mwaka wa mwisho wa sheria hapa Uingereza. Mimi niliwahi kuwa mwanachama wa chama hiki, na leo ni wakili katika ofisi ndogo inayoshughulika na kesi za uhamiaji na za nyumba. Tuko watano tu: mawakili watatu, karani mmoja, na mama anayepokea simu asubuhi. Barua za maombi zinafika karibu kila wiki, na nyingine zinatoka kwa vijana wetu wenyewe. Ukweli ni kwamba nyingi zinawekwa pembeni, na si kwa sababu aliyeziandika hafai. Zinawekwa pembeni kwa sababu ya sentensi moja au mbili.

Kwenye makampuni makubwa ya mjini London kuna mpango maalum, kuna fomu, kuna tarehe ya mwisho, na kuna watu ambao kazi yao ni kuchambua maombi. Ofisi ndogo haina hayo. Barua yako inasomwa na mwenye ofisi mwenyewe, saa kumi na mbili jioni, ametoka mahakamani na faili la kesho liko wazi mezani. Hatafuti kipaji. Anajiuliza maswali matatu tu: huyu atanipunguzia kazi au ataniongezea? Atanitia matatani? Anaweza kuja lini? Barua inayojibu maswali hayo matatu inasomwa mpaka mwisho.

Basi tuchukue barua moja tuifanyie kazi. Dada mmoja wa hapa chuoni aliniletea rasimu yake, akanipa ruhusa niitumie bila majina. Barua yenyewe ni ya Kiingereza, mimi naileta hapa kwa Kiswahili. Rasimu ya kwanza ilisema hivi:

"Mpendwa Bwana au Bibi, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria, mwenye bidii, ari na mapenzi makubwa ya haki. Ofisi yenu inasifika kwa ubora wa huduma zake. Nina uzoefu mkubwa wa mambo ya uhamiaji, kwani kwa miaka miwili nimekuwa nikiwashauri watu wa jumuiya yetu kuhusu viza na rufaa zao, na nilifanikiwa kuokoa rufaa ya mteja mmoja. Naongea Kiswahili vizuri. Niko tayari kufanya kazi wakati wowote, hata bila malipo."

Ukiisoma haraka haina ubaya. Ni barua ya heshima, na huyu dada ni hodari kweli. Lakini ndani yake mna kosa moja linaloweza kumfungia mlango kabisa, na mengine mawili yanayomfanya msomaji asite. Tuanze na lile kubwa.

"Nimekuwa nikiwashauri"

Hapa Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji si jambo la kila mtu. Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999, kifungu cha 84, inakataza mtu kutoa ushauri au huduma za uhamiaji kama shughuli, hata kama hachukui hata senti, isipokuwa awe na sifa: ama ni wakili, au anafanya kazi chini ya wakili, au amesajiliwa na mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji. Kifungu cha 91 kinasema kukiuka hilo ni jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili.

Sasa fikiria wakili wa uhamiaji anayesoma "kwa miaka miwili nimekuwa nikiwashauri watu wa jumuiya yetu". Wewe umeandika kujisifu. Yeye anasoma kukiri. Pengine ulichofanya hakikuwa kosa hata kidogo, maana kumjibu rafiki swali sebuleni si sawa na kuendesha huduma. Lakini yeye hajui, na hana muda wa kukuuliza. Anachoona ni kijana ambaye kesho akikaa mbele ya mteja atasema neno asiloruhusiwa, na leseni itakayokuwa hatarini ni ya ofisi.

Nikamuuliza yule dada: hebu nieleze, ulifanya nini hasa? Akanisimulia. Siku moja mama mmoja alikuja kwenye meza ya chama chetu na bahasha kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Alikuwa nayo kwa siku kadhaa, hajui Kiingereza cha kutosha, na mtoto wake aliyezoea kumsomea alikuwa safarini. Dada yetu akamsomea barua yote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa ni kukataliwa maombi, na kwenye kurasa za mwisho ikaandikwa kwamba ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 14 tangu uamuzi ulipotumwa. Akatazama tarehe juu ya barua, akahesabu: siku tisa zimeshapita. Mama akamuuliza, "Sasa mwanangu, niandike nini?" Dada akamjibu, "Mama, hilo siruhusiwi kukwambia, lakini wakili anaruhusiwa, na tumpate leo." Akapiga simu ofisi tatu, zote zimejaa. Ya nne ikampa nafasi kesho yake asubuhi. Akamsindikiza, akamtafsiria, akaondoka. Rufaa ikaingia kabla muda haujaisha.

Mimi nikamwambia: hiki ulichonisimulia ni kizuri mara kumi kuliko ulichoandika. Umeandika "nilishauri" na "nilifanikiwa kuokoa rufaa ya mteja", na yote mawili si kweli. Hukushauri, na yule hakuwa mteja wako. Ulisoma, ukatafsiri, ukaona tarehe, ukahesabu siku, ukajua mpaka wako ni wapi, ukampeleka kwa mwenye ruhusa. Wakili yeyote wa uhamiaji anajua kwamba rufaa nyingi zinaharibika kwa kuchelewa, si kwa kukosa hoja. Mtu anayetazama tarehe kabla ya kitu kingine chochote ndiye anayemtaka ofisini.

Kwa hiyo shika tofauti hii unapoandika. Kutafsiri alichosema mtu ni kutafsiri. Kumwonyesha mtu mahali pa kupata wakili ni kumwelekeza. Hayo mawili unaweza kuyaandika bila hofu. Lakini kumchagulia fomu ya kujaza, kumwambia aeleze nini na afiche nini, au kumwambia kesi yake ina nguvu, huo ni ushauri. Kama kweli ulishawahi kufanya hivyo, usiandike uongo kuficha. Jifunze mpaka ulipo, na andika yale mengine uliyoyafanya. Na kama ulikuwa kwenye kliniki ya sheria ya chuo chini ya wakili, sema wazi "chini ya usimamizi wa wakili", maana maneno hayo yanabadilisha maana yote.

Jambo dogo la mwisho hapa: siri. Usitaje jina la yule mama, wala mji anaokaa, wala kabila, wala mtoto aliyekuwa safarini. Jumuiya yetu ni ndogo, na wakili unayemwandikia anaweza kuwa ndiye aliyempokea. Akiona unatapanya habari za watu kwenye barua ya maombi, atajua utafanya vivyo hivyo na za wateja wake.

"Naongea Kiswahili vizuri"

Kosa la pili ni kwamba dada alitupa hazina yake kwa maneno matatu. Kwa ofisi ya uhamiaji swali linalofuata ni: Kiswahili kipi? Mteja anaweza kutoka Bukavu, akachanganya na Kifaransa, na mtu wa Unguja akapotea njiani. Anaweza kutoka Brava na lugha yake ikawa Chimwiini. Anaweza kuwa Mbajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia.

Suala hili limefika mbali mahakamani. Mwaka 2010 Baraza la Juu la Uhamiaji liliamua kesi inayojulikana kwa herufi RB, ya mwombaji hifadhi aliyesema ni Mbajuni wa kisiwa cha Koyama. Ripoti ya kampuni ya uchambuzi wa lugha ilisema usemi wake unaelekea Kenya, na ripoti hiyo ikawa kiini cha mabishano. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine za waombaji waliosema wanatoka Somalia, ikaeleza kwamba ripoti za namna hii zipimwe kwa makini, na mchambuzi asivuke utaalamu wake wa lugha akaanza kuhukumu mambo mengine. Kwa maneno mengine, neno moja la mteja, kama anasema "nti" au "nchi", linaweza kuwa sehemu ya kesi.

Kwa hiyo andika unachokijua na usichokijua. Dada yetu ni wa Lamu. Kiamu ndicho cha kwao nyumbani, Kibajuni anakielewa kwa masikio maana amekua nacho, Kiswahili sanifu amekisoma shuleni. Cha Kongo anakisikia nusu tu. Akiandika hivyo, mwenye ofisi anajua amtumie kwenye faili lipi na asimtumie kwenye lipi. Tena aongeze kwamba hajidai kuwa mtaalamu wa lugha. Kwa nini? Kwa sababu kutafsiri mazungumzo ofisini ni kitu kimoja, na kutoa ushahidi kwamba mtu fulani ni wa mahali fulani ni kingine kabisa. Na mahakamani mkalimani anatolewa na mahakama yenyewe. Atakayeahidi zaidi ya hapo anaonyesha hajui kazi.

"Wakati wowote, hata bila malipo"

Kosa la tatu tunalifanya sana sisi, na tunalifanya kwa unyenyekevu. Tunadhani tukisema tutafanya bure, na muda wowote, tumerahisisha. Kumbe tumemtia mwenye ofisi wasiwasi mara mbili.

Wasiwasi wa kwanza ni viza. Wengi wetu tuna viza ya mwanafunzi, na kwa anayesoma shahada mpaka ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wiki ikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Kazi isiyolipwa nayo inahesabiwa. Saa zako za kubeba maboksi mwisho wa wiki nazo zimo humo humo. Mwenye ofisi analazimika kukagua haki yako ya kufanya kazi kabla hujaanza, na tangu Februari 2024 faini ya kuajiri mtu asiye na ruhusa inaweza kufika pauni 45,000 kwa mara ya kwanza. Ofisi ya watu watano ikipigwa faini hiyo inafunga. Kwa hiyo "niko tayari wakati wowote" kutoka kwa mwanafunzi wa ng'ambo inasomeka kama mtu asiyejua masharti ya viza yake mwenyewe, tena anaomba kazi kwenye ofisi ya uhamiaji!

Wasiwasi wa pili ni mshahara. Sheria ya kima cha chini cha mshahara haiangalii kama umekubali kufanya bure. Ukifanya kazi yenyewe, unapewa saa za kufika na kazi za kumaliza, wewe ni mfanyakazi na lazima ulipwe. Zipo njia mbili zinazojulikana za kutolipwa: ama kozi yako yenyewe inakutaka ufanye mafunzo hayo kama sehemu ya masomo, yasiyozidi mwaka mmoja, au unakuja kutazama tu bila kushika kazi. Basi amua unaomba nini. Kama ni kutazama, omba siku chache za kutazama. Kama ni kazi, omba siku chache zenye malipo. Ukichanganya, unamwachia yeye fumbo.

Dada tulikaa naye na kalenda. Jumamosi na Jumapili anafanya saa 10 dukani. Ijumaa hana darasa. Akija ofisini Ijumaa saa 7, jumla ni 17, na bado kuna nafasi ya saa tatu kama siku imerefuka. Kozi yake inamalizika rasmi mwanzoni mwa Juni, na baada ya hapo anaweza kufanya muda wote hadi viza imalizike. Tarehe hizo alizihakikisha kwa maandishi na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni, hakukisia. Nawe fanya hivyo, manake tarehe ya kufunga chuo na tarehe ya kozi kumalizika si lazima ziwe moja.

Ijue ofisi kabla hujaisifu

"Ofisi yenu inasifika" ni maneno unayoweza kumwandikia hata kinyozi. Fanya kazi ya nusu saa. Kwanza fungua orodha ya mawakili kwenye tovuti ya SRA, inaitwa Solicitors Register, utazame ofisi ipo, jina lake sahihi ni lipi, na mawakili wake ni kina nani. Hapo utapata jina la kumwandikia. Rasimu ya dada ilisema "Bwana au Bibi" kwa ofisi yenye wanawake wawili tu.

Halafu fanya kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui. Maamuzi ya Baraza la Juu la Uhamiaji yanachapishwa wazi kwenye mtandao, na mara nyingi ukurasa wa kwanza unaonyesha nani alisimama mbele ya jaji na ofisi gani ilimtuma. Tafuta jina la ofisi. Ukipata uamuzi mmoja, usome wote, sio kichwa tu. Utajua kesi wanazozibeba kweli, ambazo si lazima ziwe zile walizoandika kwenye tangazo lao. Usipopata kitu, usibuni. Taja aina ya kazi waliyoitangaza na useme kwa nini imekuhusu.

Barua yenyewe

Baada ya rasimu nne, dada alituma hii. Ni ukurasa mmoja, aliiandika ndani ya barua pepe yenyewe na kuambatanisha wasifu wake. Kichwa cha barua pepe kilisema: Maombi ya mafunzo kazini, Ijumaa kuanzia Februari, Kiswahili na Kibajuni.

"Mpendwa Bibi (jina la ukoo),

Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na wa mwisho wa shahada ya sheria. Naomba nafasi ya mafunzo kazini yenye malipo katika ofisi yako, siku ya Ijumaa kuanzia Februari hadi Mei, na wiki sita za muda wote kuanzia katikati ya Juni.

Nimekuandikia wewe kwa sababu nimesoma uamuzi wa Baraza la Juu ambao ofisi yako ilimwakilisha mrufani, na ubishi ulikuwa juu ya lugha yake. Nimezaliwa Lamu. Kiamu ni lugha yangu ya kwanza, Kibajuni nakielewa vizuri kinaposemwa, na Kiswahili sanifu nakisoma na kukiandika. Kiswahili cha Kongo nakielewa kwa sehemu tu. Sijidai kuwa mtaalamu wa lugha, lakini naweza kusaidia kwenye mazungumzo ya ofisini na kusoma barua na vyeti kabla havijapelekwa kwa mfasiri aliyethibitishwa.

Mwaka jana, nikikaa kwenye meza ya chama cha wanafunzi, mtu mmoja aliniletea uamuzi wa kukataliwa ambao hakuweza kuusoma. Nilimsomea kwa Kiswahili. Niliona kwamba siku tisa kati ya 14 za kukata rufaa zilikuwa zimepita. Aliniomba nimwambie aandike nini, nikamweleza kwamba siruhusiwi kutoa ushauri. Nilipiga simu ofisi nne hadi nikampatia nafasi kwa wakili kesho yake, nikaenda naye kutafsiri. Rufaa iliwasilishwa ndani ya muda. Tangu siku hiyo, hati yoyote nikiishika natazama kwanza tarehe.

Kwenye somo la mahakama ya mazoezi nilitayarisha kitabu cha nyaraka cha kurasa 140, chenye namba kila ukurasa, orodha mbele, na mfululizo wa matukio kwa tarehe, kila tukio likionyesha ukurasa wa ushahidi wake. Naweza kukuletea nakala.

Nina viza ya mwanafunzi. Wakati wa muhula naruhusiwa saa 20 kwa wiki; kazi yangu ya mwisho wa wiki inachukua 10, na Ijumaa yako itachukua 7. Kozi yangu inamalizika rasmi mwanzoni mwa Juni, na kutoka hapo naweza kufanya muda wote. Nitakupa namba ya kukagulia haki yangu ya kufanya kazi utakapoihitaji.

Kama utaona inafaa, ningependa muda huu uhesabiwe kwenye uzoefu wa kazi unaotakiwa ili niwe wakili. Hilo naweza kulieleza tukionana.

Naweza kufika ofisini Ijumaa yoyote kwa mazungumzo.

Wako mwaminifu,
(jina)"

Tazama kilichobaki na kilichoondoka. Bidii, ari na mapenzi ya haki vimeondoka vyote, na hakuna aliyevikumbuka. Kile kitabu cha nyaraka kimeingia kwa sababu ndiyo kazi atakayopewa siku ya kwanza. Kwenye ofisi kama yetu anayeanza hasimami mbele ya jaji. Anapanga nyaraka, anaziwekea namba, anaandika kumbukumbu ya mazungumzo na mteja mara tu simu inapokatwa, anatengeneza mfululizo wa tarehe. Ukurasa mmoja ukikosa namba, jaji anauliza, na wakili anaaibika. Mtu aliyeshafanya kurasa 140 sawasawa ameshajibu swali la kwanza, kama atapunguza kazi au ataongeza. Namba yako inaweza kuwa 30, si lazima 140. Sema ile ya kweli, maana ataomba aione.

Kuhusu aya ile ya mwisho kasoro moja. Tangu Septemba 2021 njia ya kuwa solisita ni mitihani ya SQE pamoja na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria, na uzoefu huo unaweza kukusanywa kwenye ofisi zisizozidi nne, hata kabla hujamaliza shahada. Kwa hiyo zile Ijumaa na zile wiki sita zina thamani, hazipotei. Lakini wakili wa ofisi ndogo akisikia "unithibitishie" anaogopa kwamba anadhamini uwezo wako. Sivyo. Anathibitisha muda uliofanya, kwamba ulipata nafasi ya kujenga baadhi ya ujuzi unaotakiwa, na kwamba hakuna jambo la tabia lililomtia shaka. Kama unafaa au hufai, mitihani ndiyo itakayosema. Hilo mweleze mkionana uso kwa uso. Kwenye barua sentensi moja inatosha, tena iwe karibu na mwisho, isije ikaonekana umekuja kuchukua saini.

Kabla hujabonyeza kutuma

Isome barua kwa sauti, na kwenye kila sentensi jiulize: nikiulizwa "ilikuwaje?", nina dakika mbili za kueleza? Palipo na ukimya, futa. Kisha tazama jina la ofisi kwenye salamu, ndani ya barua, na kwenye jina la faili la wasifu. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwaka wa mwisho nilituma barua ishirini na tatu kwa usiku mmoja, na tano kati yake zilikwenda na jina la ofisi ya jirani. Hakuna hata moja iliyojibiwa, na nilistahili. Baadaye niliandika nne kwa mwezi mzima, nikapata mazungumzo mawili.

Ukikaa wiki mbili bila jibu, piga simu asubuhi mapema kabla mawakili hawajaenda mahakamani, jitaje jina, useme ulituma barua tarehe fulani kuhusu Ijumaa. Dada yetu alipiga. Mama wa mapokezi akamwambia, "Ngoja, wewe ndiye yule wa siku tisa?" Barua ilikuwa imeshazunguka ofisi nzima. Alianza Ijumaa ya pili ya Februari, na faili la kwanza alilopewa lilikuwa la mzee mmoja wa Kibajuni aliyekuwa na karatasi kwenye mfuko wa plastiki, hazina mpangilio. Aliniambia alianza kwa kutazama tarehe.

Wenye rasimu zao waje nazo Jumatano ya mkutano, tutazisoma pamoja. Njooni na kalenda.